Kijiko Kimoja cha Maji

Kwa miaka mingi nilikuwa namkatalia mama anayeniuzia mboga. Kila niliponunua bitiruti alishika kisu na kuniuliza, "Dada, nikukatie majani?" Nami nilimjibu, hapana mama, niachie hivyo hivyo. Niliona mzizi wenye majani yake bado ni mmea mzima, na mmea mzima hauwezi kuharibika upesi kama kitu kilichokatwa. Nikifika nyumbani nilivilaza vitita vyangu kwenye sakafu ya jiko, bitiruti upande mmoja na figili upande mwingine, nikijisifu kwa kuchagua mboga mbichi kuliko zote pale sokoni.

Nilizinunua Jumamosi. Jumatatu jioni majani ya figili yalikuwa yamelala kama kitambaa kilicholowa, na figili zenyewe zilibonyea nilipozishika. Bitiruti zilijikaza siku moja zaidi. Jumatano nilipochukua moja nikaukunja mkia wake, ulikunjika bila kukatika, kama kamba. Ngozi yake ilikuwa imeanza kufanya mikunjo midogo karibu na shingo. Nilimlalamikia yule mama kwamba ameniuzia mzigo wa zamani. Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, mzigo ulikuwa wa juzi. Majani yako ndiyo yaliyoinywa mizizi."

Yule mama ametoka Lushoto, kwenye baridi ya milima ya Usambara, ambako mboga nyingi za Dar es Salaam hulimwa. Kwao watu huyaondoa majani kabla ya mzizi kuingizwa ghalani, na ni jambo la kawaida kabisa. Neno lake "kuinywa" nililichukua kama fumbo. Baadaye, nilipotafuta kuelewa kinachotokea, nikaona halikuwa fumbo. Ndivyo hasa mambo yanavyokwenda.

Jani limeumbwa kutoa maji. Upande wake wa chini una vitundu vingi vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo mmea huvitumia kuvuta hewa, na kila vinapofunguka mvuke wa maji hutoka. Maji yanayotoka juu huvuta mengine kutoka chini kupitia mishipa myembamba inayoanzia mzizini, ikapita kwenye vikonyo na kuishia kwenye jani. Hakuna pampu inayoyasukuma. Ni uzi mmoja wa maji usiokatika, na jani ndilo linaloushika ncha ya juu na kuuvuta. Shambani hili si tatizo, kwa sababu mzizi hunyonya maji mapya ardhini kufidia yanayoondoka.

Ukiung'oa mmea, kisima kimekatika lakini anayechota bado yuko palepale na kata yake. Jani halijui kwamba limehamia jikoni kwako. Linaendelea kutoa mvuke, na maji yanayopatikana sasa ni yale tu yaliyohifadhiwa ndani ya mzizi. Likianza kunyauka hufunga vitundu vyake, na hilo hupunguza kasi, ila halizuii kabisa, kwa kuwa ngozi ya jani nayo huvujisha mvuke taratibu. Kuna jambo jingine linalotudanganya. Jani hunyauka kwanza, mbele ya macho yetu, tukadhani ndilo peke yake lililoumia. Kumbe wakati huohuo mzizi ulio chini yake unapungua, nao hauonyeshi dalili mpaka umechelewa.

Kiasi cha maji kinachotosha kuharibu mzizi ni kidogo kuliko nilivyowahi kudhani. Tuchukue bitiruti moja ya ukubwa wa kawaida, yenye gramu 200. Karibu asilimia 87 ya uzito huo ni maji, yaani gramu 174 hivi. Ugumu wa mzizi hautokani na nyama yake kuwa ngumu kama mti. Unatokana na seli zake kujaa maji na kusukumana, kama mipira iliyojazwa upepo na kupangwa ndani ya kikapu kimoja. Mipira ikipungua upepo kidogo tu, kikapu kizima hulegea. Kwa mboga za mizizi, mtu huanza kuusikia ulegevu huo mkononi uzito ukipungua kwa asilimia 5 hadi 7 hivi. Katika bitiruti yetu hizo ni gramu 10 mpaka 14, wakati kijiko kimoja cha chakula hubeba gramu 15 za maji. Kati ya bitiruti inayogonga meza na ile inayobonyea, tofauti haifiki kijiko kimoja. Zaidi ya gramu 160 za maji bado zimo ndani, nawe unaiona imekufa.

Figili iko katika hali mbaya zaidi. Asilimia 95 ya figili ni maji, na ile nyekundu ya mviringo huwa na uzito wa gramu 20 tu au pungufu. Ikipoteza gramu 1 na ushee, sawa na robo ya kijiko cha chai, imekwisha kulegea. Tena kitu kidogo kina ngozi nyingi kikilinganishwa na nyama yake, kwa hiyo hukauka upesi kuliko kikubwa, na ngozi ya figili ni nyembamba. Sasa juu ya kitu hicho kidogo weka majani matano au sita, mapana kuliko kiganja, kila moja likivuta. Siku mbili katika joto la Dar es Salaam zinatosha.

Watunzaji wa mazao wamekwisha kupima muda huu katika maghala yenye baridi ya nyuzi 0 za Selsiasi na unyevu wa karibu asilimia 98 hewani. Humo bitiruti zilizoachwa na majani hudumu siku 10 hadi 14. Zilizokatwa majani, katika ghala lilelile, hudumu miezi minne na zaidi. Figili zenye majani hukaa wiki moja au mbili, na zisizo na majani hufika wiki tatu mpaka nne. Majokofu yetu ya nyumbani hayawi na baridi kama hiyo, na mlango hufunguliwa mara kwa mara, kwa hiyo usitegemee miezi. Bitiruti zilizokatwa vizuri nyumbani kwangu huzimaliza wiki tatu zikiwa bado ngumu, na figili nazitegemea kwa siku saba mpaka kumi.

Nilijiuliza kwa nini bitiruti ivumilie miezi na figili ivumilie wiki, hata baada ya zote mbili kukatwa majani. Jibu liko katika maisha ya mimea yenyewe. Bitiruti ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hujaza sukari mzizini, kisha hupitisha majira ya baridi ukiwa kimya ardhini, na mwaka wa pili huitumia sukari hiyo kutoa maua na mbegu. Mzizi wake umeumbwa kungoja. Figili ndogo nyekundu humaliza kila kitu katika msimu mmoja. Huvunwa baada ya wiki nne hivi tangu kupandwa, na ikicheleweshwa shambani hukimbilia kutoa maua. Haina desturi ya kungoja, nasi hatuwezi kuilazimisha. Figili ndefu nyeupe, zinazokuwa polepole na kunenepa, hukaa muda mrefu zaidi kuliko hizo ndogo.

Hapa pana jambo linaloonekana kujipinga, nalo ndilo lililonichanganya tangu mwanzo. Majani ni adui wa mzizi jikoni, lakini sokoni ndiyo shahidi wako bora. Kwa kuwa hunyauka kabla ya kitu kingine chochote, yanakuambia ukweli kuhusu umri wa mzigo ambao mzizi ungeuficha kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ninanunua bitiruti zenye majani, kisha nayaondoa mara tu baada ya kulipa. Nikimwona yule mama anashika kisu siku hizi, namwambia, "Kata mama, lakini majani nifungie pembeni."

Jani la kuaminika husimama lenyewe, na kikonyo chake ukikikunja huvunjika na kulia. Angalia pia kama mboga zimemwagiwa maji muda si mrefu. Wauzaji hunyunyizia maji ili mzigo usikauke juani, na hawana kosa kwa hilo, ila maji hayo hung'arisha jani lililokwisha kuchoka. Likunje jani. Linalong'aa lakini likining'inia ni la juzi au zaidi.

Mara nyingi utakuta bitiruti zimekwisha kukatwa majani, na shahidi hayupo. Hapo nautazama mkia na shingo. Mkia ndio sehemu nyembamba kuliko zote, hivyo hukauka kwanza. Ukiwa mgumu na ukakatika kwa kishindo, mzizi umejaa. Ukijikunja kama uzi, maji yamepungua. Shingoni, vibaki vya vikonyo vilivyokatwa jana huwa na rangi na unyevu kidogo, na vya wiki iliyopita huwa vya kahawia, vikavu, vimesinyaa. Ukiona vichipukizi vidogo vyenye rangi hafifu vikichomoza katikati ya vibaki hivyo, mzizi umekaa kwa muda na umeanza kutumia akiba yake kutoa majani mapya. Bado unalika, lakini si wa kwenda kuhifadhi.

Kisha linganisha mbili za ukubwa mmoja kwa kuzishika mikononi. Iliyo nzito ndiyo yenye maji. Ukubwa nao una maana: nachagua zile zinazojaa kiganja bila kukizidi, upana wa sentimita 5 hadi 7. Zikizidi sana hapo, hasa zikiwa zimecheleweshwa shambani, nyuzi zake huwa ngumu kama ukuni, na hakuna kuchemsha kunakozilainisha. Duara nyeupe zinazoonekana ukiipasua hutokana na joto kali wakati wa kukua, nazo hazina madhara ila rangi inapauka. Madoa meusi makavu ndani ya nyama ni jambo jingine, dalili ya udongo uliokosa boroni. Yakate, utumie sehemu iliyobaki.

Kwa figili kuna kasoro moja ambayo huwezi kuiona kwa nje, nayo ni uyabisi wa ndani. Figili iliyochelewa kuvunwa, au iliyokua kwenye joto kali, hupata mashimo na nyama yake ikawa kama pamba. Ibonye kati ya kidole gumba na cha shahada. Nzuri haikubali hata kidogo. Yenye pamba hurudi ndani kidogo kama sponji na huwa nyepesi kuliko inavyoonekana. Usiichanganye na ile iliyopungukiwa maji tu, kwani hiyo ina dawa, nitakuja kuieleza. Na neno lenyewe likumbuke unapoagiza. Katika masoko mengi ya Dar es Salaam ukitaka figiri utapewa fungu la mboga ya majani yenye uchungu kidogo, si mizizi, kwa hiyo ionyeshe kwa kidole.

Tukate sasa. Kwenye bitiruti bakiza vikonyo vya sentimita 2 hadi 3 juu ya shingo, na mkia uuache wote. Wengine hukata sawasawa na mzizi ili upendeze, na hapo huuharibu. Rangi nyekundu ya bitiruti imo ndani ya maji ya seli, haikushikamana na kitu. Kisu kikigusa nyama, kila seli iliyopasuka humwaga rangi na utamu wake, na jeraha lenyewe huwa mlango wa maji kutoka na kuvu kuingia. Baki la kikonyo hukauka na kuwa kizibo. Ukipenda usitumie kisu kabisa: shika mzizi kwa mkono mmoja, majani yote kwa mwingine, unyonge kama unayefungua chupa. Vikonyo hukatika hapo hapo juu ya shingo bila kuuchubua mzizi. Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya bitiruti ichemshwe na ngozi, mkia na vikonyo vyake, imenywe baadaye; ukiimenya kwanza, maji ya sufuria yatakuwa mekundu na bitiruti itakuwa imepauka.

Figili haina shida hiyo, kwa kuwa wekundu wake uko kwenye ngozi na nyama yake ni nyeupe. Ikate ukibakiza nusu sentimita au moja. Usiubandue mkia mpaka siku ya kula.

Baada ya kukata usioshe. Hili nililipinga, maana tope jikoni linakera. Lakini maji yanayobaki kwenye mikunjo ya shingo hualika uozo, na ukisugua unachubua ngozi. Pangusa udongo kwa kitambaa kikavu au kwa kiganja. Kisha zitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika au bakuli lenye kifuniko, pamoja na kitambaa kikavu cha kufyonza matone, uziweke droo ya chini ya jokofu. Mfuko unafanya kazi ambayo baridi peke yake haiwezi. Hewa ya jokofu ni kavu, na mzizi uliowekwa wazi hulegea humo hata bila jani moja. Usizisukume nyuma kabisa karibu na barafu. Mzizi ukiganda seli zake hupasuka, na ukiyeyuka huwa laini, umejaa maji, usiofaa tena.

Mtu anaweza kuuliza: kama mfuko unazuia mvuke, kwa nini nisitie kitita kizima na majani yake? Nimejaribu. Maji hayatoki, ni kweli, ila majani yanapumua kwa kasi kuliko mzizi, yanatoa joto na unyevu, na siku ya tatu au ya nne mfuko unakuwa na matone ndani. Majani ya katikati hugeuka njano, kisha yanateleza kwa ute na kunuka. Ute huo hushuka kwenye vikonyo hadi shingoni. Ukikuta hivyo, ondoa yote mara moja, suuza, kausha vizuri, ukate sehemu iliyolainika na kupika iliyosalia siku hiyohiyo.

Asiye na jokofu naye ana njia, na bitiruti humvumilia. Chukua ndoo au kreti, weka mchanga safi wenye unyevu kiasi cha kushikana ukiuminya bila kutoa tone. Panga mizizi iliyokatwa majani bila kugusana, funika kwa mchanga, panga tabaka jingine. Weka ndoo sakafuni mahali penye giza na ubaridi, na unyunyize kidogo mchanga unapokauka. Mchanga huo unaurudishia mzizi hali ya ardhini, ambako hewa inayouzunguka haina kiu. Katika baridi ya Lushoto au Njombe njia hii hukuvusha wiki nyingi. Dar es Salaam au Mombasa, ambako sakafu yenyewe ina joto, hesabu wiki moja hivi, na ukague kila baada ya siku mbili kwa kunusa.

Vipo pia vyungu viwili vinavyoingiana na mchanga uliolowa kati yake, ambavyo mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alivisambaza vijijini kwao miaka ya 1990. Maji ya mchanga yanapovukiza kupitia chungu cha nje, huchukua joto la ndani. Dodoma, penye hewa kavu, hupoza vizuri sana. Pwani hewa imekwisha kujaa unyevu, maji hayapati pa kwenda, na tofauti yake ni ndogo mno.

Niliahidi dawa ya figili iliyolegea. Ikate mkia na kichwa kwa wembamba, uitumbukize kwenye bakuli la maji yenye barafu. Baada ya nusu saa, au saa moja na nusu kama ilikuwa imechoka sana, seli zinakuwa zimekunywa tena kile kirobo cha kijiko kilichopotea, nayo inarudi kulia chini ya jino. Kama ilikuwa na pamba ndani, haitabadilika. Bitiruti huitikia dawa hii kwa shida, kwa sababu ngozi yake ni nzito na umbali wa kufika katikati ni mrefu. Iliyolegea kidogo ichemshe tu, kwani moto huilainisha hata hivyo.

Majani nayo yasisahaulike kando ya karai. Ile tunayoiita spinachi katika masoko yetu, yenye jani pana na kikonyo kinene cheupe, kwa kweli si spinachi: ni ndugu wa bitiruti, aina moja ya mmea iliyochaguliwa kwa ajili ya majani badala ya mzizi. Kwa hiyo majani ya bitiruti yapike kama unavyoipika hiyo, vikonyo vikitangulia dakika mbili au tatu pamoja na kitunguu, kisha majani, kisha tui. Ya figili yana vinyweleo vinavyokwaruza ulimi yakiwa mabichi, lakini moto huvimaliza mara moja. Yapikwe siku hiyo au kesho yake, maana sasa hayana tena mzizi wa kunywa.

Wiki iliyopita nilifungua droo nikakuta bitiruti moja niliyoisahau tangu mwanzo wa mwezi. Ilikuwa bado ngumu. Katikati ya vibaki vya vikonyo palikuwa pamechomoza vijani vitatu, vyekundu hafifu, virefu kama kucha, vilivyokua gizani bila tone la maji kutoka nje. Ilikuwa imeanza tena kujinywa. Nilivikwangua kwa kidole, nikaweka sufuria motoni.